Jalada moja, tarehe tatu: utatuzi wa matatizo unapochambua majalada ya waranti ya mitambo

Jalada la waranti likifika mezani huwa limenenepa. Ndani yake kuna oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo, fomu ya makabidhiano, cheti cha waranti chenye muhuri unaong'aa, barua pepe zilizochapishwa, na mahali fulani katikati risiti ya chakula cha mafundi waliokuja kufunga mtambo. Mpangaji wa matengenezo anataka humo mambo matatu tu: waranti inaisha lini, tulishadai nini, na muuzaji alijibu nini. Hayo ndiyo yanayoamua kama kesho fundi wetu ashike spana au asiguse boliti hata moja.

Nitatumia mtambo mmoja kama mfano, kompresa ya skrubu iliyofungwa kwenye kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi Dar es Salaam. Jalada lake lilinifundisha karibu kila kosa lililomo humu. Jenereta nayo itapita kidogo, kwa sababu ya masaa.

Dalili: unatafuta neno kwenye faili na hupati kitu

Tuanze na hili kwa sababu linaisha haraka. Umefungua PDF, unatafuta neno la waranti, kompyuta inasema halimo, na wewe unaliona kwa macho yako. Ujue karatasi ilipigwa picha tu kwenye skana, hivyo hakuna herufi ndani. Namna ya kuhakikisha:

```
pdffonts jalada.pdf
```

Orodha ikitoka tupu, hiyo ni picha. Ipitishe kwenye kisomaji cha herufi, kisha tafuta:

```
ocrmypdf -l eng --rotate-pages jalada.pdf jalada2.pdf
pdftotext -layout jalada2.pdf jalada2.txt
grep -n -i -E "warrant|guarant|whichever|commission" jalada2.txt
```

Maneno ya kutafuta ni ya Kiingereza kwa kuwa mikataba mingi ya mitambo inayoingia kwetu imeandikwa hivyo. Usiache `whichever`. Mara nyingi pale lilipo ndipo penye sharti la "lolote litakalotangulia", na hapo ndipo tarehe inapokatwa. Ila siriali namba usiichukue kutoka kwenye kisomaji. Kinachanganya sifuri na herufi O, moja na I, tano na S, na muuzaji atarudisha madai yako kwa herufi moja tu. Nenda kwenye mtambo, soma kibati, piga picha.

Dalili: watu wawili wamesoma jalada moja na kutoa tarehe mbili za mwisho

Hapa ndipo penye kazi. Kwenye kompresa yetu mhasibu alisema waranti iliisha Julai, mimi nikasema Septemba, na meneja wa uzalishaji, ambaye hakuwa amesoma chochote, akasema "si ni mwaka mmoja tu?"

Jalada lilikuwa na tarehe tatu za kuanzia. Hati ya shehena ilionyesha mtambo ulipakiwa melini tarehe 12 Januari 2023. Hati ya kupokelea mzigo ilisainiwa na mtu wetu wa stoo tarehe 20 Machi 2023. Halafu mtambo ukakaa chini ya turubali miezi mitano ukisubiri msingi wa zege ukamilike, mpaka ukawashwa rasmi na fomu ya makabidhiano ikasainiwa tarehe 5 Septemba 2023.

Oda ya ununuzi ilisema hivi: miezi 12 tangu kuwashwa rasmi, au miezi 18 tangu mzigo kupokelewa, lolote litakalotangulia. Cheti cha waranti kilichokuja na mtambo kilirudia sentensi ileile, isipokuwa mahali pa "kupokelewa" kiliandika "kusafirishwa". Neno moja tu. Ukipiga hesabu kwa oda, miezi 12 ya kuwashwa inaishia Septemba 5, 2024 na miezi 18 ya kupokelewa inaishia Septemba 20. Ya kwanza ndiyo inayotangulia. Ukipiga kwa cheti, miezi 18 tangu melini inaishia Julai 12, 2024. Kompresa ilizima tarehe 6 Agosti, katikati ya tarehe hizo mbili.

Kwa hiyo chanzo cha ubishi huu si hesabu mbovu. Kila msomaji alichukua karatasi yake na kuiamini. Dawa yake ni kutoandika kwenye jedwali tarehe ya mwisho peke yake. Andika sentensi ya sharti kama ilivyo, andika imetoka karatasi gani na ukurasa gani, halafu andika kila tarehe ya kuanzia kwenye safu yake. Tarehe ya mwisho iwe matokeo ya hesabu, isiandikwe kwa mkono. Karatasi mbili zikipingana, mtambo upate mistari miwili, na safu ya "karatasi" ionyeshe kila mstari unatoka wapi.

Kisha tafuta karatasi ipi ina nguvu. Mikataba mingi ina kifungu kinachopanga hati kwa ukubwa, na mara nyingi kimejificha mwishoni, baada ya masharti ya malipo. Kwenye jalada letu kilikuwepo, kikisema masharti ya oda yanashinda karatasi yoyote ya muuzaji. Kisingekuwepo, ningempangia fundi kwa tarehe ya mapema, yaani Julai, na kuwaachia watu wa ununuzi na mwanasheria wabishanie ile ya Septemba. Mpangaji akikosea upande wa mapema anapoteza ukaguzi mmoja. Akikosea upande wa pili anapoteza mtambo.

Kuna na kasoro ndogo ya siku moja. Miezi 12 kuanzia tarehe 5 inaisha tarehe 4 au tarehe 5? Wapo watakaosema hivi na wapo watakaosema vile. Mimi natoa siku moja, nalala.

Dalili: kalenda inasema bado, muuzaji anasema imekwisha

Angalia masaa. Jenereta yetu ya dharura ilikuwa na waranti ya miezi 24 au masaa 1,000 ya kufanya kazi, lolote litakalotangulia. Aliyechambua jalada kabla yangu aliandika "miezi 24, mwisho 2 Novemba 2025" akaishia hapo, na nusu ya pili ya sentensi ikabaki kwenye karatasi.

Masaa hayana tarehe, hivyo lazima uyageuze. Unahitaji masomo mawili ya mita, siku yaliyosomwa, na kikomo:

```
=B3+(1000-A3)/((A3-A2)/(B3-B2))
```

A ni masaa, B ni tarehe. Tarehe 14 Januari 2024 mita ilisoma 412, na tarehe 14 Machi ikasoma 590. Hayo ni masaa 178 kwa siku 60, karibu matatu kwa siku. Yaliyobaki 410 yangeisha mwishoni mwa Julai 2024, miezi 15 kabla ya tarehe ya kalenda. Nilipeleka habari hiyo kwa bosi nikiwa na haraka kuliko ilivyostahili, kwani masomo yale mawili yalichukuliwa wakati wa mgawo wa umeme. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha Februari 2024, na umeme ulipotulia jenereta nayo ikapumzika. Tarehe 14 Mei mita ilisoma 634, yaani masaa 44 kwa siku 61. Hesabu ileile ikarudisha mwisho mwanzoni mwa Oktoba 2025.

Kwa hiyo safu ya tarehe itokanayo na masaa isiandikwe mara moja ikasahaulika. Ikokotolewe upya kila mita inaposomwa. Na kama mita ilibadilishwa, tafuta jobu kadi ya siku hiyo na usomaji wa mita ya zamani. Mita mpya inayoanza sifuri humdanganya mpangaji, lakini haimdanganyi muuzaji anayesoma kumbukumbu za kompyuta ya injini.

Dalili: jedwali linaonyesha mwaka 1900, au Machi imekuwa Aprili

Mwaka 1900 maana yake seli ya tarehe ilikuwa tupu, kompyuta ikaihesabu kama sifuri, na fomula ikachagua hiyo kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote. Fomula hii hukataa kujibu mpaka tarehe zote mbili ziwepo na ziwe tarehe kweli, si maandishi yaliyovaa sura ya tarehe. C ni kuwashwa rasmi, D ni kupokelewa:

```
=IF(COUNT(C2:D2)<2,"TAREHE PUNGUFU",MIN(EDATE(C2,12),EDATE(D2,18))-1)
```

Kwa kompresa yetu inatoa 4 Septemba 2024. Kama kompyuta yako inatenganisha kwa nukta-mkato, badilisha mikato. Mtambo ambao bado haujawashwa utaonyesha "TAREHE PUNGUFU", na huo ni mwito wa kuangalia ile miezi 18, kwa sababu yenyewe inakimbia hata mtambo ukiwa chini ya turubali.

Kuhusu Machi na Aprili: hati iliyoandikwa 03/04/2023 haisemi ni ya nchi gani. Tafuta tarehe nyingine kwenye hati hiyohiyo yenye namba iliyozidi 12. Ukikuta 03/22/2023, aliyeandika anatanguliza mwezi, na zote za karatasi hiyo zisomwe hivyo. Ukikosa, ulinganishe na hati ya shehena. Kwenye jedwali lako andika mwaka kwanza, kisha mwezi, 2023-03-04, ili asije mwingine akabishana na wewe.

Dalili: hitilafu moja inahesabiwa mara tatu

Jalada lilikuwa na fomu ya madai ya tarehe 7 Agosti, barua pepe ya kukumbusha ya tarehe 15, na barua rasmi ya meneja ya tarehe 22. Mchambuzi mwenye pupa anaandika madai matatu. Ni moja. Hitilafu ni ileile, siriali namba ni ileile, na anayedai hajabadilika. Kinachotambulisha dai ni tukio lililoharibu mtambo, na karatasi zote zinazolifuata ni matawi yake. Dai hilo nililiwekea namba moja, K-02/1, na kila barua ikaingia chini yake kama mawasiliano yenye tarehe.

Upande wa pili wa kosa hili ni barua moja yenye kasoro mbili. Kwa mfano barua inalalamikia joto, halafu sentensi ya mwisho, kama kwa bahati, inataja valvu ya kukausha maji inayovuja. Hayo ni madai mawili, kwa sababu muuzaji anaweza kukubali valvu na kukataa joto. Tenganisha.

Tarehe za dai nazo si moja. Kuna siku kasoro ilipoonekana, siku mtambo uliposimama, na siku taarifa ya maandishi ilipomfikia muuzaji. Masharti yetu yalitaka taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 tangu kasoro kuonekana. Kompresa ilisimama Agosti 6, barua ikaenda Agosti 7, tukajiona tumewahi. Lakini tulikuwa tumeambatanisha nakala ya daftari la zamu ili kuthibitisha kwamba mtambo ulikuwa ukihudumiwa. Ukurasa wa tarehe 19 Julai ulikuwa na mwandiko wa kijana wa zamu ya usiku: "Kompresa 2 inalia upande wa mota, nimemwambia fundi." Kutoka hapo hadi barua ni siku 19. Muuzaji aliuona ukurasa ule kabla yangu.

Simlaumu kijana, yeye ndiye aliyefanya kazi yake. Tangu hapo nasoma daftari la zamu kurudi nyuma walau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kusimama, na siku ya kwanza ya kelele, moshi au joto naiandika kwenye safu ya "kuonekana" hata kama inatuumiza. Simu na ujumbe wa WhatsApp kwa fundi wa muuzaji naviandika pia, ila kwenye safu ya mawasiliano. Kama sharti linasema maandishi kwa anwani fulani, ujumbe wa simu hauzuii siku kukimbia.

Dalili: safu ya majibu inasema "wamekubali", halafu inakuja ankara

Kati ya yote haya, hili ndilo linaloudhi, na chanzo chake ni lugha ya adabu. Haya ndiyo majibu ya muuzaji kwa mfuatano, nimeyafupisha kwa Kiswahili.

Agosti 7: "Tumepokea taarifa yenu na tunalishughulikia suala hili kwa uzito."

Agosti 12, taarifa ya fundi wao baada ya kukagua: beringi za skrubu zimelika, mafuta yamekuwa meusi, kompresa inajizima ikifika nyuzi 110, sampuli ya mafuta imechukuliwa.

Agosti 26: "Bila kukiri wajibu wowote, na kwa kuthamini uhusiano wetu, tutatoa seti ya beringi na sili."

Septemba 18: ankara ya ufundi, siku mbili za mafundi wawili, pamoja na usafirishaji wa vipuri kwa ndege.

Mwenzangu aliyejaza jedwali aliona "tutatoa" ya Agosti 26, akaandika "amekubali". Mpangaji akapanga kazi kwa gharama sifuri. Lakini soma tena. Barua ya kwanza inakiri kupokea, basi. Taarifa ya fundi inaeleza alichokiona bila kusema nani alipe. Ya tatu ni hisani, na maneno "bila kukiri wajibu" yamewekwa makusudi ili msije mkaitumia kama ushahidi kwenye kompresa ya tatu. Hakuna hata barua moja iliyokubali dai.

Kwa hiyo safu ya uamuzi naiwekea maneno machache yasiyobadilika: amepokea, anachunguza, amekubali, amekataa, hisani, kimya. Mtu akitaka kuandika "amekubali", lazima aoneshe sentensi ambamo muuzaji anasema kasoro iko ndani ya waranti. Pembeni inakaa safu ya wigo yenye sehemu nne, kila moja na ndiyo, hapana au haijatajwa: vipuri, ufundi, usafiri, ushuru wa forodha. Hiyo "haijatajwa" ndiyo ya thamani. Kwenye barua ya Agosti 26, vipuri ilikuwa ndiyo na nyingine tatu hazikutajwa. Kama safu ile ingekuwepo, ningeuliza Agosti 27, na ankara ya Septemba isingetukuta tumelala.

"Kimya" nayo ina tarehe. Hesabu siku tangu barua ya mwisho upande wenu. Kama mkataba unampa muuzaji siku kadhaa za kujibu, zikipita kuna haki inayoweza kufunguka, kama kumwita fundi mwingine kwa gharama yake. Lakini itafunguka tu kama sharti linasema hivyo, kwa hiyo nakili kifungu chenyewe kabla hujamwambia bosi.

Muuzaji akikataa, usiandike "amekataa" ukafunga. Nakili sababu kwa maneno yake. Hisani yetu ilipoulizwa zaidi ilizaa sababu mbili: cheti kilisema waranti iliisha Julai, na taarifa ilichelewa kwa mujibu wa daftari la zamu. Ya kwanza tuliipinga kwa kifungu cha oda, na mwishoni wakaondoa ankara ya usafirishaji. Ya pili hatukuwa na la kusema, ya ufundi tukalipa. Kwenye mtambo mwingine sababu ilikuwa huduma iliyotakiwa masaa 2,000 kufanyika masaa 2,380, na hiyo ikaingia moja kwa moja kwenye ratiba yangu: mitambo yote iliyo ndani ya waranti huduma zake zikavutwa masaa 100 mapema. Ni sababu za kukataliwa, kuliko madai yaliyokubaliwa, zinazokuambia ratiba yako inavuja wapi.

Dalili: kipuri kilichobadilishwa kimekufa tena na hakuna anayejua kina waranti au la

Chanzo ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtambo. Kipuri kipya kinaweza kuendelea na muda uliobaki wa mtambo, kuanza muda wake upya, au kupata siku kadhaa zake mwenyewe. Kilichotolewa kwa hisani kinaweza kisiwe na chochote. Barua ya Agosti 26 ilikaa kimya juu ya hilo, na tarehe 4 Septemba, siku ambayo waranti ya mtambo mzima ilikuwa inafungwa, nilimwandikia muuzaji swali la mstari mmoja. Alijibu kesho yake: beringi na sili miezi sita tangu kufungwa, ufundi hauna waranti, na vipuri vya zamani vitunzwe mpaka wavichukue.

Zilifungwa Septemba 10. Kwenye jedwali, chini ya kompresa ambayo sasa imeandikwa "imeisha", kuna mstari mdogo wa beringi: mwanzo 2024-09-10, mwisho 2025-03-09, chanzo barua pepe ya 2024-09-05, ukaguzi wa kelele na joto siku 45 kabla, yaani 2025-01-23. Beringi za zamani ziko stoo ndani ya ndoo yenye lebo ya K-02/1, na mzee wa stoo ameambiwa asimpe mtu wa vyuma chakavu.